Siku ya ghala haiishi saa sita usiku

Simu iliingia saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Ijumaa, katikati ya msimu wa korosho. Aliyepiga alikuwa katibu wa chama kimoja cha msingi, mtu mzima ambaye huwa hapigi simu bila jambo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaingia kwenye alichokuwa nacho moyoni. “Mwanangu, lori la magunia matupu lilikuwa lije kwetu leo. Nimeambiwa limegeuzwa, eti kompyuta yenu inasema sisi hatujapeleka mzigo. Jana tumepakia mpaka usiku. Korosho za watu ziko chini kwenye maturubai, na mawingu hayo unayaona mwenyewe.”

Nikafungua dashibodi, ukurasa wetu wa takwimu za maghala. Kweli, mstari wa ghala lao ulikuwa umeporomoka. Pembeni, kwa maandishi madogo ya kijani, paliandikwa kwamba takwimu zimehuishwa leo saa 06:05. Hakuna kilichoharibika. Seva ilikuwa hai, kazi ya alfajiri ilikuwa imekimbia bila kosa, na ripoti ilikuwa imefika kwenye simu za wakubwa kabla hawajanywa chai. Ila ripoti ilikuwa si ya kweli, na kwa ajili yake mtu alikuwa amegeuza lori.

Tangu siku hiyo nimelifanyia kazi swali moja: dashibodi ihuishwe lini? Wengi wetu tunajibu kwa saa. Kila siku saa 12 asubuhi, basi. Makala hii inaeleza kwa nini jibu hilo linatuangusha, na linatuangusha hasa siku ambazo takwimu zinahitajika kuliko siku nyingine zote.

Kwanza tuifuate namba kuanzia inapozaliwa. Huku Mtwara na Lindi korosho inauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa zao hili msimu wa 2007/2008. Mkulima anapeleka korosho zake chama cha msingi, AMCOS kama tunavyoviita. Karani anapima, anaandika, na korosho zinafungwa kwenye magunia, kila gunia kilo 80. Lori linazipeleka ghala kuu. Huko mzigo unapimwa upya, sampuli zinachukuliwa, unyevu unaangaliwa, daraja linathibitishwa, ndipo stakabadhi inatolewa. Namba ya AMCOS na namba ya ghala si lazima zilingane, kwa sababu kuna unyaufu, yaani korosho kupungua uzito kwa kukauka, na kuna magunia yanayorudishwa kwa kutofikia ubora. Inayoingia kwenye mnada ni namba ya ghala.

Kwa hiyo tani moja ya korosho ina maisha ya hatua tatu kwenye mfumo. Kuna wakati imepokelewa, yaani karani wa ghala ameandika kwamba lori limeingia. Kuna wakati imefungwa, yaani ghala limemaliza mzigo wote wa siku hiyo, limelinganisha vitabu na mizani, na meneja amesema hiyo ndiyo hesabu ya leo. Na kuna wakati imesahihishwa, kwa sababu siku mbili baadaye mtu amegundua gunia 40 ziliandikwa chini ya AMCOS isiyo yake. Dashibodi inayohuishwa kwa saa haijui tofauti ya hatua hizi. Inachota chochote ilichokikuta mezani.

Mwenye duka anaielewa hali hii bila kufundishwa. Hafungi hesabu saa mbili usiku kwa sababu ni saa mbili. Anafunga mteja wa mwisho akishatoka na droo ikishahesabiwa. Akiulizwa mauzo ya leo huku foleni bado iko dukani, atakwambia subiri nifunge. Sisi wa kompyuta tuliondoa neno hilo, subiri nifunge, tukaweka saa.

Sasa tuingie kwenye Alhamisi yenyewe, tarehe 14 Novemba 2024. Namba nimezikata ziwe rahisi kufuatika, lakini umbo lake ndilo lililokuwepo. Maghala yalikuwa matatu, nitayaita A, B na C. Siku hiyo ilipofungwa kweli, A lilikuwa na tani 210, B tani 180, na C tani 340. Jumla tani 730.

Dashibodi ilipochota saa 12 asubuhi ya Ijumaa, A na B zilikuwa zimekamilika. C ilikuwa imeleta tani 96 tu. Jumla iliyoonekana ikawa tani 486, kama theluthi mbili ya mzigo halisi. Jumatano yake C ilikuwa imepokea tani 260. Mtu anayetazama mstari wa C aliona ukishuka kutoka 260 hadi 96, wakati ukweli ni kwamba ulipanda kutoka 260 hadi 340. Takwimu haikuwa pungufu tu, ilikuwa imegeuza mwelekeo.

Igeuze iwe magunia uone ilivyomfikia katibu. Tani 340 ni gunia 4,250. Tani 96 ni gunia 1,200. Afisa anayegawa magunia matupu anaangalia ni AMCOS zipi zimetumia mengi, azipelekee mengine. Kwa macho yake, vyama vinavyopeleka ghala C vilikuwa vimetumia gunia 1,200, kwa hiyo bado vina akiba. Gunia 3,050 zilizokwisha kujazwa zikahesabiwa kama ziko stoo, tupu. Uamuzi wake ulikuwa sahihi kabisa kwa namba aliyopewa.

Kwa nini C ilichelewa? Hapa ndipo penye kiini. C ilichelewa kwa sababu ilipokea mzigo mkubwa. Lori la tani 30 ni gunia 375, na kila gunia linashushwa kwa bega la mtu. Malori kumi na moja yakipanga foleni mchana, la mwisho linashushwa usiku wa manane. Vibarua wanashusha, karani wa mizani anaandika, mwingine anaingiza kwenye mfumo, na mtandao wa huko ukiyumba fomu zinakaa kwenye kompyuta ya ghala mpaka utulie. Ghala lenye malori matatu linafunga hesabu saa mbili usiku na watu wanalala. Ghala lenye malori kumi na moja linafunga kesho yake asubuhi.

Maana yake, kuchelewa na ukubwa wa mzigo vinakwenda pamoja. Wengi hudhani data ikichelewa inachelewa ovyo, leo huyu kesho yule, na mwisho wa mwezi makosa yanafidiana. Hayafidiani. Kila kosa linaelekea chini, na linaangukia siku nzito, kwenye ghala zito. Dashibodi ya saa 12 ina tabia ya kuonesha bonde mahali penye kilele. Katika msimu wa Oktoba hadi Januari, kilele ndicho kinachoamua magunia yaende wapi, malori yaende wapi, na tani ngapi ziorodheshwe kwa ajili ya mnada.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kusogeza saa mbele. Nami lilinijia. Kabla ya kusogeza nikaamua kupima, na kupima kwenyewe ni kazi nyepesi kama mfumo unaandika muda wa kila fomu kuingia. Nilichukua siku 30 za ghala C, nikatafuta kwa kila siku fomu ya mwisho ya mzigo wa siku hiyo iliingia saa ngapi. Siku 19 ilikuwa kabla ya saa sita usiku. Siku 7 ilikuwa kati ya saa sita usiku na saa 12 asubuhi. Siku 3 ilikuwa kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi. Siku moja ilikuwa saa 6 mchana.

Soma namba hizo taratibu. Kwa saa 12 asubuhi, siku 26 kati ya 30 dashibodi ilikuwa sahihi, na siku 4 ilikuwa na pengo. Ukisogeza mpaka saa 3 asubuhi, siku zenye pengo zinabaki moja, lakini zile siku 26 ambazo data ilikuwa tayari alfajiri, watu wote sasa wanasubiri saa tatu za bure. Ukisogeza mpaka saa 7 mchana ili uikamate na ile moja, umeharibu asubuhi ya kila siku, na siku ambayo ghala litafunga saa 8 mchana bado itakuponyoka. Hakuna saa unayoweza kuichagua ikawa nzuri, kwa sababu kitu unachokifukuza hakina saa. Kina tukio, na tukio lenyewe ni meneja wa ghala kusema nimefunga.

Pana jambo jingine kuhusu saa ambalo kwetu sisi Waswahili linapaswa kuwa rahisi. Kwa kompyuta, siku inabadilika saa sita usiku. Kwa desturi yetu ya zamani, jua likizama siku imekwisha, ndiyo maana tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa. Ghala nalo lina siku yake, inayoisha lori la mwisho la siku hiyo likishashushwa, hata kama ni saa 8 usiku. Lori lililopanga foleni Alhamisi alasiri na kupimwa saa 7 usiku ni la Alhamisi kwenye kitabu cha ghala, lakini kompyuta inaligonga muhuri wa Ijumaa. Kama dashibodi inapanga mizigo kwa muhuri wa kompyuta, Alhamisi itapungukiwa milele, hata ukiihuisha mara mia. Ni lazima kila fomu iwe na tarehe mbili, zisichanganywe: tarehe ya mzigo, anayoiandika karani, na muda wa kuingia, unaoandikwa na mfumo wenyewe. Ya kwanza ndiyo ya kupangia takwimu. Ya pili ndiyo ya kupimia ucheleweshaji, kama nilivyofanya hapo juu.

Na ukiwa na seva inayohesabu saa za UTC, jambo la kawaida kwa seva za kukodi, elewa kwamba mstari huu wa ratiba ya cron

```
0 6 * * * /opt/ripoti/huisha.sh
```

haukimbii saa 12 asubuhi ya Mtwara. Tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo unakimbia saa 3 asubuhi. Nimeona watu wakisifu data yao kwamba inawahi, kumbe saa ndiyo iliyokuwa imekosewa kwa upande uliowafaa.

Basi dawa ni nini? Ni kulifanya tendo la kufunga lionekane kwenye mfumo. Kabla ya hapo meneja wa C alikuwa anafunga siku kwa kupiga mstari kwenye daftari na kuweka sahihi. Tendo lilikuwepo, ila kompyuta haikuliona. Tukatengeneza jedwali dogo linaloitwa `kufunga_siku`. Kila ghala, kila siku, linaandika mstari mmoja: jina la ghala, tarehe ya mzigo, idadi ya gunia, jumla ya kilo, na muda wa kufunga. Mstari huo unaandikwa mwisho kabisa, baada ya fomu zote kufika.

Idadi ya gunia na kilo kwenye mstari huo hazikuwekwa kwa urembo. Meneja anazitoa kwenye daftari la mizani, si kwenye mfumo. Mfumo unajumlisha fomu ulizopokea na kulinganisha. Daftari likisema gunia 4,250 na fomu zikisema 4,175, kuna fomu zimebaki njiani, mfumo unaukataa mstari huo, na ghala hilo halihesabiwi kuwa limefungwa hata kama meneja ameshabonyeza. Mara nyingi tofauti inakuonesha hata mahali pa kutafuta. Gunia 375 ni lori zima lililosahaulika, gunia 75 ni kipande cha lori kilichoandikwa kwenye fomu ya pili.

Baada ya hapo swali la dashibodi linabadilika. Haliulizi tena ni saa ngapi, linauliza nani hajafunga:

```sql
SELECT g.ghala
FROM maghala g
LEFT JOIN kufunga_siku k
  ON k.ghala = g.ghala
 AND k.tarehe = '2024-11-14'
WHERE g.msimu_wazi
  AND k.ghala IS NULL;
```

Jibu likirudi tupu, wote wamefunga, na kuhuisha kunaanza. Likirudi na jina la C, tunasubiri C. Swali hili ni jepesi mno, halichukui hata sekunde, kwa hiyo linaweza kuulizwa kila dakika kumi kuanzia saa 9 usiku bila kumchosha mtu, kwenye seva iliyowekwa saa za Mtwara:

```
*/10 3-10 * * * /opt/ripoti/angalia_kufunga.sh
```

Utaona saa bado ipo. Lakini kazi yake imebadilika, imekuwa kama mtu anayechungulia mlangoni kuona kama mgeni amefika. Kuhuisha kwenyewe, kazi nzito inayosoma fomu zote na kujenga upya michoro, kunafanyika mara moja, pale mgeni alipofika. Tofauti hii ina uzito kwa wanaotumia huduma zenye kikomo. Kwa mfano Power BI kwa leseni ya Pro inakuruhusu kuhuisha mara 8 kwa siku. Mtu anayejaribu kukimbizana na data kwa kuongeza saa za kuhuisha anazimaliza zote nane, na bado anaweza kukosa. Anayechungulia kwanza anatumia moja, mbili zikizidi.

Mtego mmoja umewanasa wengi, nami nautaja kwa sababu unafanana sana na dawa. Baadhi ya watu wanasubiri faili badala ya kusubiri kufungwa. Wanasema faili la ghala likitokea kwenye folda, anza. Faili kutokea si faili kukamilika. Kwenye mtandao wa polepole faili la fomu linaweza kuchukua dakika kadhaa kupanda, na jina lake linaonekana kwenye folda tangu baiti ya kwanza. Ukilisoma wakati huo unapata nusu ya juu ya faili, na nusu hiyo inasomeka vizuri tu, bila kosa lolote, kwa sababu mistari 600 ya mwanzo ni mistari halali. Kama ni lazima mtumie mafaili, lipandisheni kwa jina la muda, kisha mlibadilishe jina likishafika lote:

```
mv C_20241114.csv.tmp C_20241114.csv
```

Ndani ya folda ileile, kubadilisha jina ni tendo la mara moja. Faili lenye jina kamili ama halipo, ama lipo lote.

Jambo lililotusumbua zaidi kuliko nilivyotegemea ni ghala lisilopokea kitu. Siku ya kwanza ya kutumia utaratibu mpya, B halikupata lori hata moja. Meneja wake akaona hana cha kufunga, akaenda nyumbani. Asubuhi dashibodi ikamsubiri. Ikasubiri. Kwa mfumo, ghala lenye sifuri na ghala lililozimikiwa mtandao yanafanana kabisa, yote yako kimya. Tukakubaliana kwamba kila ghala lililo wazi kwa msimu linafunga kila siku, hata kwa gunia 0 na kilo 0. Sifuri iliyoandikwa ni habari. Ukimya si habari, na kuuchukulia ukimya kuwa sifuri ndiko kulikomgeuzia katibu lori lake.

Sasa, kusubiri nako kuna kikomo chake. Ile siku moja kati ya 30 ambayo C lilifunga saa 6 mchana, je, wote wakae gizani mpaka mchana? Hapana. Afisa wa magunia anatoa malori saa 4 asubuhi, na uamuzi wake hausubiri kompyuta. Kwa hiyo tumeweka mwisho wa kusubiri, saa 4 kamili. Ikifika hapo na kuna ambaye hajafunga, dashibodi inahuishwa kwa kilichopo, ila inasema wazi. Juu ya ukurasa panaandikwa “Takwimu za Alhamisi 14 Novemba: maghala 2 kati ya 3 yamefungwa. C bado.” Nguzo ya C kwenye mchoro inakuwa ya mistari-mistari badala ya rangi kamili, na jumla ya siku haioneshwi kabisa. Uamuzi wa kuificha jumla ulileta ubishi ofisini. Nilisimama nao na bado nasimama nao. Ukionesha tani 486 na nyota ndogo pembeni, mtu atapiga picha ya skrini, nyota itakatwa, na 486 itasafiri kwenye makundi ya simu mpaka jioni.

Hata siku zilizokamilika, yale maandishi ya kijani ya “imehuishwa 06:05” tuliyaondoa. Yalikuwa yanasema saa ambayo kompyuta ilifanya kazi, na msomaji akielewa kwamba ni saa ambayo ukweli ulifika. Mahali pake tumeandika siku gani imefungwa na maghala mangapi. Kama kuna badiliko moja unaweza kulifanya leo, bila kugusa ratiba wala kuandika msimbo mrefu, anza na hilo. Litakuonyesha wewe na wenzako, asubuhi moja baada ya nyingine, ni mara ngapi mmekuwa mkisoma siku iliyo nusu.

Wapo wanaosema suluhisho la kusubiri wote linamfunga mwepesi kwa mzito, na wana haki. Meneja wa A anayefunga saa 2 usiku hana sababu ya kusubiri C ili aone mzigo wake mwenyewe. Kwa hiyo ukurasa wa kila ghala unahuishwa ghala hilo likifunga, peke yake. Ukurasa wa jumla, ule wa kugawa magunia na kupanga mnada, ndio unaosubiri wote watatu. Kila swali lisubiri vile tu linavyovitegemea.

Kuna takwimu ambazo hazihitaji lolote kati ya haya. Foleni ya malori nje ya ghala sasa hivi ni namba ya sasa hivi, haina kufungwa, na kuihuisha kila dakika tano ni sawa kabisa. Chanzo kinachofunga kwa saa yenyewe nacho hakina tatizo, ukiwa umethibitisha kwamba kweli kinafunga saa hiyo na si kwamba kimeandikiwa hivyo kwenye mkataba. Njia ya kuthibitisha ni ileile. Hifadhi namba ya jana kama ilivyoonekana asubuhi ya leo, ihifadhi tena kesho na keshokutwa kwa tarehe ileile, kisha uzilinganishe. Namba isiyotikisika ilikuwa imefungwa ulipoichota. Inayopanda kila mara baada ya kuchotwa ilichotwa mbichi.

Masahihisho ndiyo yaliyobaki. Zile gunia 40 zilizoandikwa chini ya AMCOS isiyo yake zinagunduliwa Jumamosi, na Alhamisi ilishafungwa. Hatuifungui kimyakimya. Meneja anafunga Alhamisi upya, na mstari mpya kwenye `kufunga_siku` unapata namba ya toleo, 2 badala ya 1, wakati ule wa kwanza unabaki ulivyo. Mtambo unaochungulia ukiona toleo jipya unahuisha siku hiyo tu, si msimu mzima, na ukurasa unaonesha kwamba Alhamisi imesahihishwa Jumamosi. Kwa njia hiyo mtu aliyechapisha ripoti ya Ijumaa na mwenye ripoti ya Jumatatu wakikutana kwenye kikao, hawagombani nani mwongo. Wanaangalia toleo.

Nilimpigia katibu wiki iliyofuata, nikamweleza tulichobadilisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: “Na huyo meneja wa ghala akichoka usiku, akafunga kabla ya kumaliza?” Ni swali ambalo mfumo wetu unalijibu kwa sehemu. Akifunga mapema kwa namba za daftari zilizo kamili, fomu hazitatosha na mfumo utamkatalia. Akifunga mapema kwa namba za daftari lisilokamilika, vyote viwili vitalingana na mfumo utamwamini. Kinachomkamata ni namba ya tatu, gunia zilizopakiwa kwenye malori kwa mujibu wa AMCOS. Haiwezi kulingana kwa kilo, kwa sababu ya unyaufu, lakini kwa idadi ya gunia inapaswa kukaribiana sana. AMCOS zikisema zimetuma gunia 4,262 na ghala likisema limepokea 4,250, hizo 12 zinaweza kuwa zilirudishwa kwa ubora, na fomu za kurudisha zitaonesha. Ghala likisema 3,100, kuna malori bado yako foleni, na ukurasa wa jumla unakaa ukisubiri mpaka mtu ampigie meneja.

Mwisho wa msimu una kazi yake ndogo. Januari ghala likishapokea mzigo wake wa mwisho, meneja anazima alama ya `msimu_wazi`, na kuanzia kesho yake hakuna anayelisubiri. Mwaka wa kwanza tulisahau kuizima kwa ghala B, na kila asubuhi kwa siku sita dashibodi ilisubiri mpaka saa 4 ikaandika kwamba B bado. Siku ya saba mlinzi wa ghala hilo akapokea simu kutoka ofisini akiulizwa mzigo uko wapi, naye akajibu kwamba humo ndani imebaki mizani na popo.